Msako wa karanga, au jinsi "faenai" ilivyogeuka kuwa feni

Jumapili usiku nimeshafunika cherehani, ujumbe ukaingia. "Dada, habari za saa hizi. Mwanangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Herufi anazijua zote, ukimwonyesha moja moja hakosi. Ukiziweka nne pamoja anakodoa macho tu. Nimemchapa mpaka nimechoka mwenyewe. Nifanyeje?"

Niliusoma mara mbili, nikacheka kicheko cha mtu aliyetoneshwa kidonda. Mwaka jana ujumbe huu ningeuandika mimi, pamoja na hilo la kuchapa.

Mwajuma wangu alirudi na daftari likizo ya Juni, limeandikwa kwa wino mwekundu: hajui kusoma, asaidiwe nyumbani. Basi, maneno hayo tu. Asaidiwe vipi, hakuna aliyesema. Na mimi ni fundi cherehani, si mwalimu. Jirani yangu mmoja, ambaye mwanawe alikuwa anasoma hadi maandishi ya pakiti ya sabuni, akaniambia mbele za watu uani, "Wengine wanachelewa tu, usimlazimishe." Alisema kwa sauti ya upole. Sijaisahau hiyo sauti hadi leo.

Usiku ule nikachukua kipande cha boksi, nikaandika "feni", nikamkalisha Mwajuma mezani. Feni yenyewe ilikuwa inatupepea usoni.

"Soma."

"Fa... e... na... i."

"Haya, unganisha."

"Faenai."

"Faenai ndiyo nini?"

Akanyamaza. Nikampiga kofi la mkono. Akarudia huku analia, faenai. Na mimi kwa akili zangu nikaamini mtoto ana kichwa kizito.

Wiki moja ilipita ndipo nikang'amua kwamba mtoto alikuwa sahihi kabisa. Yeye alifundishwa a, ba, cha, da, e, fa, ga, kwa wimbo, tangu chekechea. Kwake ile herufi ya kwanza inaitwa "fa", na ile ya tatu inaitwa "na". Ukiunganisha fa na e na na na i, unapata faenai, hakuna ujanja. Alikuwa anaunganisha majina ya herufi, wakati neno limejengwa kwa sauti. Sauti ya f haina a ndani yake. Ni upepo tu unaopita kati ya meno na mdomo wa chini: fffff. Sauti ya n ni ulimi umegota juu nyuma ya meno, pua inavuma: nnnnn.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, kabla ya jambo lolote, mwambie mwanao akusomee m. Weka mgongo wa kiganja chako chini ya kidevu chake. Kidevu kikishuka, amesema "ma", ameingiza irabu ya bure. Midomo ikibaki imefungwa na kidevu kikatulia, hiyo ndiyo m. Kwetu ilichukua siku nne, dakika chache kabla ya kula. Hizo nazipita, hazina hadithi.

Sasa msako. Wazo lilitoka kwa watoto wenyewe, maana uani kwetu tuko wapangaji watano na watoto hawakosi, wanacheza kufichiana vitu kutwa nzima. Nikasema Jumamosi nitawafichia karanga, na njia ya kufikia karanga itakuwa maneno. Unasoma karatasi, unakwenda kwenye kitu kilichoandikwa, unakuta karatasi nyingine, hadi mwisho.

Msako wa kwanza ulikuwa aibu. Nilialika watoto wanane. Niliandika kwa herufi kubwa kwa sababu niliona zinapendeza, kumbe shuleni wanasomeshwa herufi ndogo. Niliweka maneno kama yalivyonijia: ndoo, mto, dirisha. Kaka yake Mwajuma, aliye darasa la nne, akasoma karatasi ya kwanza kabla haijafika chini, akakimbia, na wengine saba wakamkimbilia nyuma. Hivyo hivyo hadi mwisho. Karanga zikapatikana kwa dakika tano, watoto wakashangilia, na aliyesoma ni mmoja tu ambaye tayari anajua kusoma. Mwajuma alikuwa wa mwisho kwenye msururu, anacheka, hajaona hata herufi moja.

Jioni nikampa zile karatasi peke yake. "Ndoo" ikawa "na-da-oo". "Mto" ilimkwamisha kabisa, kwa sababu pale m inasimama yenyewe bila irabu, ni silabi nzima, na yeye alikuwa anatafuta irabu ya kuishikiza. Nilikuwa nimempa mtoto wa mwezi wa sita mtihani wa mwezi wa kumi.

Nikakaa chini kama ninayekata nguo. Huwezi kukata kabla ya kupima. Nikatafuta konsonanti ambazo unaweza kuzivuta bila pumzi kukatika: s, f, m, z, n, l. Hizi ukizivuta zinaingia zenyewe kwenye irabu, mmmmeee, ffffeee, mtoto hana mahali pa kukatika. Ukisema k au t au p huwezi kuivuta, inapasuka mara moja inaisha, na mtoto anaijazia irabu ili isikike. Hizo nikaziweka kando. Kisha nikazunguka chumba na sebule nikitafuta vitu vilivyoandikwa kwa konsonanti hizo sita na irabu zetu tano basi. Nikapata vitano: sofa, meza, feni, nazi, zulia. Vitano vinatosha. Wala usimwekee umbali mrefu, mtoto akikimbia sana neno linamtoka kichwani.

Kadi nilikata kwenye boksi, upana wa kiganja, nikaandika kwa herufi ndogo zilizoachana. Halafu nikafanya kitu ambacho naona ndicho kilichotuokoa: nikaikunja kila kadi katikati, mkunjo ukapita kati ya silabi na silabi. Upande mmoja "fe", upande wa pili "ni". Maana tatizo la pili la mtoto ni kwamba akifika herufi ya nne, ya kwanza ameshaisahau. Kwa mkunjo anashika sauti mbili tu kwa wakati mmoja. Ffffe, fe. Anafunua. Nnnni, ni. Anafunua yote mbele yake: fe-ni. Feni! Zulia nikaikunja mara mbili, zu-li-a, nikaiweka mwisho.

Jumamosi ya pili nikamtuma kaka yake dukani, nikafunga mlango. Mwajuma peke yake. Kadi ya kwanza nikampa mkononi. Akaifunua upande, sssso, so. Upande wa pili, fffa, fa. Akaniangalia. "Sofa?" Sikujibu. Hilo ni gumu kuliko yote kwa mzazi, mdomo unawasha. Akaenda, akanyanyua mto, akaiona kadi ya pili. Jamani, ile sura! Meza akaisoma haraka, kadi nilikuwa nimeibandika chini kwa plasta. Feni akaisoma akiwa anaitazama feni yenyewe, nikadhani amekisia, lakini midomo ilikuwa inavuta f.

Kadi ya nne ilikuwa "nazi". Akafunua nusu, nnna, na, na hakufunua nusu ya pili. "Nanasi!" Akakimbilia kapu la sokoni. Nanasi hakuna. Akatazama juu ya kabati. Hakuna. Ningekuwa mezani na kiboko changu ningesema "umekosea, soma tena", na angelia. Safari hii aliyemwambia amekosea ni nyumba. Akasimama katikati ya sebule, akaiangalia kadi mkononi, akafunua ule upande aliouruka. Zzzzi. Na-zi. Akacheka mwenyewe. Nazi ilikuwa kwenye kapu lile lile alilolipekua, kadi iko chini yake.

Chini ya zulia akakuta karanga za kukaanga za shilingi mia mbili, zimefungwa kwenye gazeti. Alikula huku ameshika kadi zote tano.

Wiki ya tatu ndipo nikaingiza zile sauti zinazopasuka, moja moja, na hapo sikumwambia aziseme peke yake. Anaandaa mdomo wa k, halafu anatoka nayo moja kwa moja ndani ya irabu: ka. Nikaweka na mtego: "kapu" na "kopo", vyote viko jikoni, kimoja cha vitunguu, kingine cha chumvi. Mtoto anayeangalia herufi ya kwanza na kukisia ataingia popote. Kwenye kitu cha uongo niliweka karatasi nyeupe isiyo na neno. Akiikuta anajua arudi kwenye kadi. Ukiona ameikuta karatasi nyeupe mara tatu mfululizo, jua hasomi irabu, rudi kwenye maneno ya kuvuta. Wa kwangu aliikuta mara mbili, siku ya kwanza tu.

Wakija watoto wengine, kila mmoja ana njia yake. Mimi natumia vipande vya vitambaa, mwenye kitenge chekundu anafuata kadi zenye kitambaa chekundu tu, na wa kijani hivyo hivyo. Zaidi ya watatu siwezi, nyumba haitoshi na mimi nachanganyikiwa. Na kaka mkubwa apewe kazi ya kuficha, asipewe kadi. Akisoma kwa niaba ya mdogo wake, msako umekufa.

Huna sofa? Andika "sinia", ni herufi zile zile za kuvuta. Huna feni, weka "fulana" uitundike kwenye kamba, ila kadi hizo mbili zikunje mara mbili. Mtoto atakayesema "kalai" kwenye "karai" na akaenda kwenye karai, mwache. Amesoma. Habari ya l na r ina siku yake.

Na hicho kiboko kiweke mbali, dada. Nakwambia kwa ukali kwa sababu nilishakishika. Wazazi tunapenda kuamini mtoto ni mzito, inatupunguzia kazi ya kujiuliza tumempa nini. Tunalipa twisheni, tunanunua begi lenye picha, halafu kukaa naye dakika kumi tukikata boksi tunaona ni kazi ya walimu. Yule jirani yangu naye siku hizi ananiomba kadi. Nampa, ila namwambia azikunje mwenyewe.

Jana nimefungua droo ya cherehani kutafuta sindano nikakuta kadi, mwandiko umepinda, z imegeukia upande mwingine: "uzi". Nikaenda kwenye boksi la nyuzi. Ndani mlikuwa na maganda ya karanga.