Barua kwa mwanangu: ndoo ya fremu ya 41

"Mama, jana kwenye mapitio ya katuni yetu nilimwambia kijana wetu mpya kuwa shoti yake haina uhai. Akanyamaza mpaka jioni. Nilikosea kumsema mbele ya wenzake?"

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma ndani ya daladala ya Mwenge, nikapitiliza kituo. Kilichonishika ni hayo maneno, haina uhai. Niliwahi kuambiwa mimi, na mpaka leo nikiyasikia tumbo linakaza.

Unakumbuka mwaka ule tulipokuwa Sinza kwa shangazi yako, narudi usiku wewe umeshalala kwenye kochi? Nilikuwa nahangaika na shoti ya sekunde 5 tu: mama anainua ndoo ya maji bombani. Mkuu wetu aliitazama mara moja, akasema, "Haina uhai, irudie." Nikarudia. Nikamrekebisha kope, nikampa tabasamu, nikachezesha kitenge. "Bado." Mara tatu, siku tisa zikaenda, na muda wote huo nilikuwa nikitengeneza pasipoharibika. Mkuu alikuwa ameona kitu, sikatai, jicho lake lilikuwa kali. Ila hakuniambia amekiona wapi. Neno lisilo na namba ya fremu ni hewa. Nimekwambia hili tangu uko chuo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa chumba cha nyuma. Alivuta kiti, akaipeleka shoti fremu moja moja. "Mkono unashika mpini fremu ya ngapi?" Ya 41. "Ndoo inaachana na ardhi ya ngapi?" Ya 42. "Kiunoni inafika ya ngapi?" Ya 49. Akanyamaza, nikajihesabia mwenyewe. Tulikuwa tukifanya fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo ndoo ya lita 20, kilo 20 za maji, ilipanda kwa theluthi ya sekunde, na kila fremu ilipanda umbali uleule. Nilikuwa nimechora ndoo tupu!

Akanituma bombani nyuma ya ofisi nikainue ndoo iliyojaa. Nikainua mpaka gauni likalowa. Ukishika mpini, ndoo haiondoki papo hapo. Kwanza mkono unanyooka, bega linavutwa chini, mwili unaegemea upande wa pili, mkono mtupu unapanuka kutafuta mizani. Hapo ndipo ndoo inaachia ardhi, polepole mwanzoni, kisha inashika kasi. Nikarudi mezani. Kuanzia 41 mpaka 49 nikaiacha ndoo chini huku mwili ukivuta, halafu nikaipa mpaka 65 kufika kiunoni. Uso sikuugusa. Mkuu akatazama, akasema, "Sasa anabeba maji." Furaha ya siku ile bado ninayo.

Kwa hiyo huyo kijana mwambie ulichokiona, fremu zake, na shoti inatakiwa kusema nini. Ingekuwa mimi wakati ule, ningeambiwa: "Kuanzia 42 hadi 49 ndoo inapanda kwa mwendo mmoja, na tunataka mtazamaji aone ni nzito." Dakika moja inatosha. Kisha muachie atafute mwenyewe.

Au usimwachie? Hapa nabishana na nafsi yangu. Mzee yule hakunipa jibu, alinituma bombani, na ndiyo maana sijasahau. Lakini kama kazi inatoka Ijumaa, bomba hulina. Chora juu ya fremu yake, mstari wa mgongo na nyonga tu, umwoneshe mwili unaegemea wapi. Asichoweza kukifanyia kazi ni neno uhai.

Na angalia kazi iko hatua gani. Ikiwa bado ni mapozi makuu tu, fremu za katikati hajazijaza, sema mambo ya nyonga na mizani, vidole viache. Akishalainisha kila kitu ndipo unamwambia pozi la kuinamia halifai, umemfutia siku kadhaa, na kosa ni la kwako uliyechelewa kusema.

Naye aandike unayomwambia pamoja na namba zake, kisha akusomee kabla hamjaachana. Ukimpa neno la jumla akuulize, "Umeona fremu ya ngapi?" Akiuliza hivyo usikunje uso. Mimi sikuthubutu kuuliza, ndizo zile siku tisa. Nisemeje tena: bila namba ya fremu ni hewa.

Kuhusu kusema mbele ya wenzake, jibu ninalo na liko mdomoni, lakini sikuwemo chumbani, na wewe unanijua nikishasema sirudi nyuma. Nalibana kwa shida. Kesho asubuhi ifungue shoti yake, ipeleke fremu moja moja, utafute kilichokufanya useme vile. Jumapili njoo nayo kwenye simu, shangazi yako anapika pilau. Nataka kuiona.

Mama yako