Kipeuo cha pili kwenye chipu isiyojua kuzidisha

*Mimi ni fundi hapa Masasi. Natengeneza kifaa cha kupima umeme unaoliwa na mota ya mashine ya kubangua korosho, natumia ATtiny85. Nikiweka `sqrt()` programu inavimba hadi haiingii. Chipu haina hesabu za desimali wala amri ya kuzidisha. Kipeuo cha pili nikipateje?*

Fundi, habari za Masasi. Achana na `sqrt()`. Inakokota maktaba nzima ya desimali, na chipu yako ina baiti 8192 tu za kuhifadhi programu. Kipeuo cha namba nzima kinapatikana kwa kujumlisha, kutoa na kusogeza biti, basi.

Fikiria mizani ya mawe dukani. Muuzaji huanza na jiwe kubwa. Likizidi mzigo analiondoa, lisipozidi analiacha na kuongeza linalofuata. Nasi tunajaribu biti za jibu hivyo hivyo, kuanzia kubwa: 8, 4, 2, 1. Tatizo ni kwamba kila jaribio linaonekana kudai tuzidishe jibu kwa lenyewe ili tulilinganishe. Hapo ndipo ujanja ulipo. Ukiwa na jibu a na ukaliongezea d, mraba wake unaongezeka kwa 2ad + d² tu. Kwa kuwa d ni 8, 4, 2 au 1, kuzidisha kwa d ni kusogeza biti. Kwa hiyo hatuhesabu mraba upya. Tunatoa nyongeza hiyo kwenye baki.

Chukua 200. Jaribu 8: nyongeza ni 64, inatosha, baki 136. Ongeza 4: nyongeza ni 64 + 16 = 80, inatosha, baki 56. Ongeza 2: 48 + 4 = 52, inatosha, baki 4. Ongeza 1: 28 + 1 = 29, haitoshi, iache. Jibu ni 8 + 4 + 2 = 14, baki 4. Na kweli 14 × 14 ni 196.

```c
uint16_t kipeuo(uint32_t n) {
  uint32_t r = 0, b = 1UL << 30;
  while (b > n) b >>= 2;
  while (b) {
    if (n >= r + b) {
      n -= r + b;
      r = (r >> 1) + b;
    } else r >>= 1;
    b >>= 2;
  }
  return r;
}
```

Humu `b` ni d² na `r` ni 2ad. Kila mzunguko d inapungua nusu, ndiyo maana `b` inasogea biti mbili na `r` moja. Lupu ikiisha `r` ndiyo jibu, na `n` ndiyo baki. Hata namba ikiwa kubwa kiasi gani, mizunguko haizidi 16.

Angalia sana hiyo `UL`. Niliwahi kuisahau nikiwa kazini Lindi, kifaa kikasoma sifuri siku mbili nzima nami nikawa nafumua nyaya za kihisi ambacho hakikuwa na kosa. Kwenye chipu hizi `int` ni biti 16, kwa hiyo `1 << 30` inamwagika, `b` inakuwa sifuri na lupu haianzi kabisa. Kama kila namba unayoiingiza inatoa 0, anza kutazama hapo kabla hujashika koleo.

Tatizo la pili ni kwamba jibu linakatwa, halikadiriwi. Mota ikiwa haina mzigo na wastani wa miraba ni 3, utapata 1 badala ya 1.73, kosa kubwa mno. Dawa yake ni kutokugawanya. Tuseme unachukua sampuli 64, kila moja umeitoa usawa wa katikati (512), ukaipiga mraba na kujumlisha yote. Mafundi wengi hugawanya kwa 64 kwanza, ndipo watafute kipeuo. Usigawanye. Kipeuo cha 64 ni 8, kwa hiyo kipeuo cha jumla yenyewe ni kipimo chako mara 8, na biti zake 3 za mwisho ni sehemu za nane ulizokuwa unazitupa. Hazikugharimu chochote. Jumla nayo haiwezi kuzidi 16777216, inaenea vizuri kwenye biti 32.

Tuseme wastani ni ule ule wa 200: jumla ni 12800, kipeuo chake 113. Sogeza biti 3 kulia upate 14, na biti zilizobaki ni 1, yaani nane moja. Kipimo ni 14.125, wakati jibu halisi ni 14.142. Na ile jumla ya 3 × 64, yaani 192, inatoa 13: moja na nane tano, 1.625 badala ya 1 tupu. Ukitaka usahihi zaidi kwa mota isiyo na mzigo, chukua sampuli 256, nawe utapata biti 4.