Kipimo kimepanda baada ya vidonge vya tribulasi: je, ndivyo vilivyofanya kazi?

Swali: Mfamasia, habari za kazi. Nina miaka 34, nabeba vyuma. Nimemeza vidonge vya tribulasi kwa wiki sita. Kabla ya kuanza nilipima saa kumi jioni, testosteroni ikasoma 13.2. Juzi nimepima saa mbili asubuhi, imesoma 16.9. Nikimeza, ndani ya saa moja naona mabadiliko kitandani. Vinafanya kazi, sivyo?

Jibu: Tuanze na saa za vipimo, ndugu yangu. Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mchana kutwa. Kwa wanaume wa umri wako, ya saa kumi jioni huwa pungufu ya ile ya saa mbili asubuhi kwa asilimia 20 hadi 25 hivi. Sasa punguza asilimia 22 kwenye 16.9 yako: unarudi palepale kwenye 13.2. Majibu hayo ungeweza kuyapata bila kumeza chochote.

Tribulasi ni mbigiri, huohuo unaotoboa matairi ya baiskeli. Sifa zake za homoni zilivuma kutoka Bulgaria, kwa hoja kwamba kemikali yake iitwayo protodiosini huisukuma tezi ya pituitari itoe homoni ya LH, inayoziamuru korodani kutengeneza testosteroni. Wabulgaria wenyewe walilipima jambo hilo. Katika utafiti uliochapishwa 2005, vijana 21 waligawanywa makundi matatu, mawili yakapewa dondoo la mbigiri kwa wiki nne. Testosteroni haikupanda, wala LH. Na hata kitu kingeisukuma, ubongo huona homoni imezidi ukapunguza amri.

Soma pia lebo. Ikiandikwa "miligramu 750, saponini asilimia 40", hiyo ni miligramu 300 za saponini za kila aina, kundi la kemikali za mimea ambamo protodiosini ni mojawapo tu. Protodiosini ni ngapi humo, hawasemi. Nayo hutofautiana sana kulingana na mmea ulikoota. Zinki inayoongezwa humsaidia mwenye upungufu wa zinki, basi.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo saa moja. Mimea haina haraka hivyo. Wakaguzi wa dawa wamewahi kukuta sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mitishamba. Hiyo hupanua mishipa ya damu, testosteroni haiongezi. Je, ukimeza uso unapata joto, pua inaziba, kichwa kinauma? Hizo ni dalili zake. Mtu anayetumia dawa za nitrati za moyo akichanganya, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kumuua, kwa hiyo usimgawie mtu kopo hilo.

Acha vidonge, kaa wiki chache, kisha upime tena saa mbili asubuhi kabla ya kula, maabara ileile. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha na 16.9.