Shangazi alikuwa na malaria kweli, lakini hoja yako bado ni batili

Binti yangu,

Habari za likizo, na wasalimie wa nyumbani Machame. Ujumbe wako wa kulalamikia alama za swali la nne la zoezi la mantiki nimeusoma. Nimeona nisikujibu kwa maneno mawili ya simu, kwa sababu kosa hili umekuwa nalo tangu zoezi la kwanza. Linabadilisha nguo tu, ila ni lilelile, na usipolimaliza sasa utaingia nalo kwenye mtihani wa mwisho wa muhula.

Swali lenyewe lilikuwa hivi:

Kama mtu anaumwa malaria, ana homa.
Shangazi ana homa.
Kwa hiyo, shangazi anaumwa malaria.

Niliuliza kama hoja hii ni halali. Ukajibu kuwa ni halali, na sababu yako ukaijaza nusu ukurasa: homa ni dalili ya malaria, kila mtu anajua, na shangazi yako mwenyewe alipopelekwa zahanati mwezi ule walimkuta nayo. Kwenye ujumbe umeongeza, "Mwalimu, kipimo kilitoa mistari miwili, nilikiona kwa macho yangu."

Nakuamini kabisa. Mstari wa kwanza ulisema kipimo kinafanya kazi, wa pili ukasema vijidudu vimo. Lakini angalia ni nani aliyekuambia kuwa shangazi ana malaria. Ni kile kipimo. Hoja haikukuambia, kwa sababu hoja hiyohiyo ungeweza kuitoa neno kwa neno hata kama mstari wa pili usingetokea.

Ninapouliza kama hoja ni halali, siulizi habari za shangazi. Nauliza jambo moja tu: je, inawezekana vitangulizi vyote, yaani kauli zinazotangulia ile "kwa hiyo", viwe kweli na hitimisho bado liwe uongo? Ikiwezekana, hata kwa mtu mmoja wa kufikirika, hoja ni batili. Isipowezekana kwa namna yoyote, ni halali. Basi mchukue jirani yenu aliyeshikwa na homa ya matumbo. Kitangulizi cha kwanza kiko palepale, hakijaguswa. Cha pili nacho ni kweli, mwili unachemka. Hitimisho kwamba anaumwa malaria ni uongo. Hoja imeanguka, na haikusubiri jirani augue ndipo ianguke. Ilikuwa batili hata siku ile shangazi alipokutwa na malaria.

Najua kinachokusumbua, maana nimekiona kwa wanafunzi wengi. Mkikutana na hoja ambayo kila sentensi yake mnaikubali, macho yanateleza. Kauli ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa, basi hoja nzima sawa. Hamkagui ile "kwa hiyo". Na kazi yote ya somo hili iko pale kwenye "kwa hiyo".

Dawa yake ni kuondoa nyama ibaki mifupa. Badala ya "anaumwa malaria" weka P, badala ya "ana homa" weka Q. Unabaki na: kama P, basi Q, Q, kwa hiyo P. Sasa vika mifupa hiyo nyama nyingine, ambayo hitimisho lake unajua fika ni uongo. Kama mtu yuko Moshi, yuko mkoa wa Kilimanjaro. Mjomba yuko mkoa wa Kilimanjaro. Kwa hiyo mjomba yuko Moshi. Na mjomba wa watu yuko Same anauza vitunguu! Hapa hukudanganyika hata kidogo, wala hukuhitaji kipimo. Lakini mifupa ni ileile ya hoja ya shangazi. Kama imevunjika kwa mjomba, imevunjika kwa shangazi pia.

Tahadhari moja kuhusu njia hii. Ukipata mfano wa kuiangusha hoja, umemaliza, hoja ni batili. Ukikosa mfano hujathibitisha kwamba ni halali. Pengine hukutafuta vya kutosha. Ndiyo maana tuna jedwali la ukweli, linaloorodhesha kila namna ambavyo kauli zinaweza kuwa kweli au uongo. Kwa P na Q jedwali lina safu nne tu. Pitia kila safu utafute ile ambayo vitangulizi ni kweli na hitimisho ni uongo. Kwenye hoja yako ipo: ni safu ambayo P ni uongo na Q ni kweli. Humo ndimo wanamokaa jirani mwenye homa ya matumbo na mjomba wa Same.

Sasa tuje swali la sita, ambalo hukulilalamikia, ingawa ndilo lililonionyesha vizuri zaidi ulipokwama.

Kila mwenye homa anaumwa malaria.
Shangazi ana homa.
Kwa hiyo, shangazi anaumwa malaria.

Hapa uliandika "batili, kwa sababu si kila homa ni malaria". Umesema kweli kuhusu homa, ukakosea kuhusu hoja. Hoja hii ni halali. Chukulia kwa muda kwamba kitangulizi cha kwanza ni kweli, hata kama kinakukera. Shangazi atatokea wapi? Kama wote wenye homa wamo ndani ya duara la malaria, na shangazi ana homa, hana mlango wa kutokea. Kitangulizi cha kwanza ni cha uongo, nakubali, na kwa hiyo hoja haitufai kumtibia mtu. Lakini kasoro iko kwenye kitangulizi, haiko kwenye "kwa hiyo".

Utaniuliza, hoja halali yenye uongo ndani yake ina faida gani? Ina faida kubwa, na ningependa uishike hii kuliko yote. Tuseme shangazi amepimwa na ukatokea mstari mmoja, hana malaria, na tuseme kipimo hakikukosea. Kwenye hoja ya swali la sita, hitimisho limekuwa uongo. Kwa kuwa hoja ni halali, lazima kitangulizi kimojawapo nacho kiwe uongo: ama si kila mwenye homa ana malaria, ama shangazi hakuwa na homa na kipimajoto ndicho kibovu. Mantiki haikuambii ni kipi, hiyo utaifuatilia mwenyewe, lakini imekubana useme kimoja kimeoza. Sasa rudi swali la nne na majibu yaleyale ya kipimo. Hitimisho ni uongo, na vitangulizi vyote viwili vimekaa salama, havijatikisika. Hujajifunza chochote. Mtu anayefikiri kwa hoja ya swali la nne anaweza kupewa majibu hasi kila wiki na asione sababu ya kubadilisha wazo lake hata moja.

Hili si jambo la darasani tu. Limewahi kuchunguzwa hapahapa Moshi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto kwa wakubwa, waliolazwa na homa katika hospitali mbili za mji huu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Madaktari wa wodini walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Vipimo vya kina vya maabara vilipofanyika, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo kwa wagonjwa 14, asilimia 1.6. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, wengine magonjwa yatokayo kwa mifugo kama brusela, na kadhalika.

Pitisha hoja yako kwa wagonjwa hao wote. Kila mmoja alikuwa na homa, kwa hiyo hoja yako ingempa kila mmoja malaria. Kwa 14 ingepatia, kwa 856 ingekosea, na maneno yake yangekuwa yaleyale kwa wote. Shangazi yako ni kama hao 14. Jibu lake kuwa sahihi hakulifanyi lile "kwa hiyo" kuwa bora kuliko la mgonjwa wa kitanda cha pili.

Usinielewe vibaya kuhusu madaktari. Daktari anayefikiria malaria akiona homa hafanyi upuuzi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayo hayo hukaa Kibo kutwa nzima na huku chini tusipate tone. Dalili ni kitu cha thamani, hasa mahali penye malaria nyingi. Inakupa uwezekano na kukuambia uanzie wapi kupima. Tatizo linaanza pale uwezekano unapovishwa joho la lazima, mtu akaandikiwa dawa kana kwamba jambo limethibitika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Homa ikabaki kuwa sababu ya kupima.

Kuna jambo jingine dogo. Hata kile kitangulizi cha kwanza, "kama mtu anaumwa malaria, ana homa", kina walakini. Wapo watu wenye vijidudu vya malaria kwenye damu ambao hawana homa. Ulikigusia hicho pembeni mwa karatasi kwa penseli, nami nikafurahi, ila ulikitumia mahali pasipo pake. Kama kitangulizi ni kweli au si kweli, hilo tunawauliza watu wa maabara. Kama hitimisho linafuata au halifuati, hilo tunajiuliza sisi, na tunaweza kulijibu hata kama hatujui chochote kuhusu mbu. Hoja ikipita kwenye maswali yote mawili, ndipo tunaiita thabiti. Ikifeli moja, andika imefeli lipi.

Alama za swali la nne sitazibadilisha. Ila nakupa swali moja, uniletee jibu kabla ya semina ya kwanza baada ya likizo:

Kama mtu anaumwa malaria, ana homa.
Jirani hana homa.
Kwa hiyo, jirani haumwi malaria.

Nataka aya mbili. Ya kwanza iseme kama hoja ni halali, na ndani yake usitaje zahanati, kipimo, wala jirani yeyote unayemfahamu. Nionyeshe ile safu ya jedwali ipo au haipo. Ya pili iseme kama ungeitegemea hoja hii kumwambia mtu asiende kupima, na kwa nini. Majibu ya aya hizo mbili hayalazimiki kufanana. Nitakuwa ofisini Jumatatu asubuhi.

Mwalimu wako