Swali likiulizwa, usibonyeze Esc

Nafundisha wachakataji wa dagaa kwenye mialo ya upande wa Ilemela, na mafunzo yangu mengi yanahitaji projekta, kwa sababu chanja ya kuanikia au dagaa aliyeshika mchanga huelezeka vizuri zaidi kwa picha. Makala hii ni kwa yeyote anayesimama mbele ya watu na slaidi za PowerPoint, hasa watu wanaouliza maswali katikati, kama wavuvi wetu wanavyofanya.

Siku moja kule Igombe nilikuwa nimefika slaidi ya 31, naeleza bei, mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, turudishe kwenye ile chanja. Sijashika vipimo vyake." Picha ya chanja ilikuwa slaidi ya 14. Nikabonyeza Esc ili niitafute. Onyesho likafungwa, na ukutani ikatokea sehemu ya kuhariri, ile yenye slaidi ndogo ndogo upande wa kushoto na noti zangu chini. Katika noti za slaidi ile nilikuwa nimejikumbusha: "Hapa usiguse suala la mkopo wa kikundi, limeleta ugomvi." Ukumbi mzima ukasoma. Akina mama wa mstari wa mbele walinyamaza, mwenyekiti akainamisha kichwa, na mimi nikaomba radhi kwa kitu ambacho hawakupaswa kukiona kamwe. Mzee wa chanja hakuuliza tena siku ile.

Nilichopaswa kufanya ni kubonyeza 1, kisha 4, kisha Enter. Slaidi ya 14 inakuja moja kwa moja, na onyesho halifungwi. Hakuna kitu kinachoonekana ukutani wakati unaandika namba, kwa hiyo usisubiri uone tarakimu zikitokea. Bonyeza kwa utulivu, malizia na Enter. Ukimaliza kujibu, 31 na Enter, unarudi ulipokuwa. Kwa hiyo kabla ya kuruka, itazame namba ya slaidi uliyopo na uishike kichwani. Ukiisahau, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, uchague `Last Viewed`, itakurudisha kwenye slaidi uliyotoka.

Kuna mtego kwa wanaotumia kibodi kubwa yenye namba upande wa kulia. Kama `Num Lock` imezimwa, kile kitufe cha 1 hufanya kazi ya End, na cha 7 hufanya kazi ya Home. Unataka slaidi ya 14, unajikuta kwenye slaidi ya mwisho. Dalili yake ni hiyo hiyo: picha inabadilika kabla hujabonyeza Enter. Mimi siku hizi natumia namba za mstari wa juu tu, nimeachana na zile za pembeni.

Namba hazisaidii kama huzijui. Kabla ya mafunzo nachukua nusu karatasi na kuandika kwa mkono zile slaidi ambazo najua zitaulizwa: 9 mchanga, 14 chanja, 22 chumvi, 31 bei. Siandiki zote, karatasi ikijaa sitaiona. Slaidi za majibu ya ziada naziweka baada ya ile ya "Asanteni", kwa hiyo hazikatizi mada, lakini nikiulizwa gharama ya nyavu za chanja naandika 43 na Enter. Hata mwenyekiti akisema zimebaki dakika tano, naruka kwenda slaidi ya hitimisho bila kupitisha slaidi kumi haraka haraka mbele ya macho ya watu. Nimeona wasemaji wakifanya hivyo, na wasikilizaji hubaki wakihisi wamenyimwa kitu.

Kitufe cha pili ni B. Ukikibonyeza, ukuta unakuwa mweusi. Ukibonyeza tena, slaidi inarudi. Nakitumia ninaposhika dagaa mkononi. Picha ikibaki ukutani macho ya watu hubaki huko, na mimi nataka watazame kiganja changu, waone chembe za mchanga zilizonasa kwa yule aliyeanikwa chini. Kumbuka kwamba B haizimi projekta. Taa yake inaendelea kuwaka ndani, na hilo ni jambo jema, kwa sababu projekta ya taa ukiizima kabisa itabidi uisubiri ipoe na kuwaka upya, na watu wataanza kutoka nje kupokea simu.

W ni ndugu yake, yenyewe inafanya ukuta uwe mweupe. Katika ukumbi uliofungwa mapazia, ukuta mweupe ni taa. Tunapogawana vikundi na watu wanahitaji kuandika, nabonyeza W nao wanaona daftari zao. Lakini usiku macho huumia ghafla, kwa hiyo waambie kwanza.

Sasa noti, ambazo ndizo zilizoniumbua. Zina mahali pake panapoitwa `Presenter View`: wewe kwenye laptopu unaona slaidi, noti, saa na slaidi inayofuata, na ukutani inaonekana slaidi peke yake. Hilo linategemea jinsi ulivyounganisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, halafu chagua `Extend`. Ukiacha `Duplicate`, ukuta unaiga kila kilichopo kwenye laptopu yako, na ukifungua noti, wote watazisoma. Kabla watu hawajaingia mimi hupeleka kipanya kwenye ukingo wa kioo cha laptopu. Kikivuka na kutokea ukutani, ni `Extend`. Kikionekana sehemu zote mbili kwa pamoja, noti zangu haziko salama.

Nyumbani, bila projekta, Alt na F5 itakufungulia sehemu hiyo ya noti ukafanye mazoezi. Usiibonyeze ukumbini ukiwa kwenye `Duplicate`. Na ukibonyeza B ukaona hakuna kinachotokea, mara nyingi ni kwa sababu uligusa dirisha lingine. Bofya kwanza ndani ya dirisha la onyesho, halafu jaribu tena.

Kama Esc imeshabonyezwa, usitumie F5, maana itakuanzisha slaidi ya kwanza. Shift na F5 itaanzia slaidi uliyoichagua. Kwenye laptopu nyingine itabidi ushike na Fn.

Hata hivyo noti zangu nazo nimezibadilisha. Siandiki tena jambo lolote ambalo nisingependa mama wa mstari wa mbele alisome. Ninaweka vipimo, majina ya samaki na swali la kuwauliza. Siri za kikundi nazibeba kichwani.

Mwaka uliofuata nilirudi Igombe, na yule mzee alikuwa amekaa pale pale karibu na mlango. Nilipofika kwenye bei akanyoosha mkono tena: "Mwanangu, ile chanja." Nikabonyeza 14 na Enter, picha ikaja. Akainuka, akasogea hadi ukutani, akapima kwa mkono wake kimo cha miguu ya chanja dhidi ya kiuno chake. Nilipoona ameshaelewa nikabonyeza B, akageuka kuwatazama wenzake, akawaelezea mwenyewe kwa Kisukuma. Alichukua kama dakika kumi. Kisha nikabonyeza B, 31, Enter, tukaendelea na bei.