Jina la msemaji lisipotee juu ya vitenge na taa za ukumbi

Swali: «Wakuu, nahariri video za harusi na mikutano. Nikiweka jina la msemaji chini ya picha, na nyuma kuna wageni waliovaa vitenge pamoja na taa za ukumbi, halisomeki, hata nikitumia herufi nyeupe zenye kivuli. Pia maandishi ya kichwa yanayoruka herufi moja moja, wateja wanalalamika kuwa hawawahi kuyasoma. Nifanyeje?»

Mkuu, nimefanya kazi ya aina hiyo kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu tatizo lako halianzii kwenye herufi bali kwenye picha iliyo nyuma yake. Picha inaweza kulishinda jina kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza ni mwangaza: herufi nyeupe ikipita juu ya shati jeupe au taa, hakuna tofauti ya kutosha kuionyesha. Ya pili, ambayo wahariri wengi huisahau, ni mchoro. Kitenge kina maua, mistari na nukta ambazo, kwenye picha ya watu walioketi, hutokea zikiwa na unene unaokaribiana na unene wa mistari ya herufi zako. Jicho huitambua herufi kwa kingo zake; nyuma yake kukiwa na kingo nyingine nyingi za ukubwa uleule, haliwezi kujua upi ni mguu wa «m» na upi ni ua la kitenge. Kivuli chembamba hakisaidii hapa, kwa sababu kinatia giza kwenye pikseli chache tu kuizunguka herufi na wakati huohuo kinaongeza ukingo mwingine juu ya zile zilizokuwapo.

Kwa hiyo mimi huituliza picha kwanza, kisha ndipo ninapoandika. Tuchukue mfano wa video ya harusi ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, ambapo mwenyekiti wa kamati anazungumza na wageni wamekaa nyuma yake. Utepe wa jina nauweka kushoto, ukianzia pikseli 96 kutoka ukingoni, nao una upana wa 900 na kimo cha 150. Namba 96 haikuchaguliwa kwa bahati: ni asilimia 5 ya upana, ambayo ndiyo nafasi ambayo viwango vya utangazaji vinataka maandishi yaiache kila upande, na kwa chini asilimia 5 hiyo ni pikseli 54. Kisha naweka nakala ya klipu ileile juu ya klipu ya asili, naikata ibaki sehemu ya utepe pekee, na kuitia ukungu kwa kichujio cha Gaussian Blur. Juu yake naweka tabaka jeusi lililopunguzwa ukolezo, na mwisho kabisa herufi.

Kiasi cha ukungu hutegemea herufi. Jina la pikseli 46 kwa fonti nene kiasi lina mistari ya takriban pikseli 6 au 7, na ukungu unapaswa kufuta kila kitu chenye ukubwa huo na hata kilicho kikubwa mara kadhaa zaidi. Namna ya kupima ni rahisi: ficha herufi, utazame utepe peke yake. Ukiona bado maua ya kitenge, ongeza ukungu. Ukiona madoa mapana tu ya rangi, makubwa kuliko herufi nzima, inatosha. Mwendo wa watu utaendelea kuonekana kama rangi zinazohama polepole, na hilo halimsumbui msomaji. Kuna faida nyingine usiyoiona unapohariri: video inapobanwa ili itumwe kwa simu, sehemu yenye mchoro unaotembea hula data nyingi na kuacha uchafu kuzunguka herufi, ilhali sehemu yenye ukungu hubanwa kwa urahisi na herufi zikabaki safi.

Sasa ukolezo wa tabaka jeusi, yaani ile namba inayoandikwa Opacity. Watu wengi huukadiria kwa kutazama fremu waliyosimama nayo. Mimi huupima kwa hali mbaya kuliko zote, yaani taa nyeupe kabisa ikipita nyuma ya herufi nyeupe. Kiwango cha WCAG, ambacho kiliandikwa kwa ajili ya kurasa za mtandao lakini hesabu yake inafaa hapa pia, hulinganisha mwangaza wa rangi mbili hivi:

```
(L1 + 0.05) / (L2 + 0.05)
```

L1 ni mwangaza wa rangi iliyo angavu zaidi na L2 ni wa ile nyingine, kuanzia 0 kwa nyeusi hadi 1 kwa nyeupe. Kiwango kinataka matokeo yasipungue 4.5 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa maandishi makubwa. Ukiweka nyeusi ya asilimia 40 juu ya taa nyeupe, pikseli inashuka kutoka 255 hadi 153, na herufi nyeupe inapata takriban 2.9 tu. Kwa asilimia 50 inapata kama 3.9. Kwa asilimia 60 pikseli inashuka hadi 102 na herufi inapata takriban 5.7. Ndiyo maana mimi huanza na 60, na sishuki chini ya hapo isipokuwa nina hakika kwamba hakuna taa wala nguo nyeupe itakayopita sehemu hiyo. Hata hivyo, programu nyingine huchanganya rangi kwa mwangaza halisi na si kwa thamani za pikseli, na humo asilimia 60 hiyohiyo hutoa utepe mweupe zaidi, kiasi kwamba uwiano unashuka hadi kama 2.3. Pima rangi kwenye fremu iliyokwisha kutolewa, usiiamini namba ya kwenye kitelezi.

Ukitaka kuona tofauti kabla ya kujenga kiolezo chako, amri hii ya ffmpeg hutengeneza utepe uliotulizwa bila maandishi:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -filter_complex "[0:v]split[a][b];[b]crop=900:150:96:850,gblur=sigma=20,drawbox=color=black@0.6:t=fill[c];[a][c]overlay=96:850" jaribio.mp4
```

Baada ya hapo, herufi zenyewe hazihitaji mapambo mengi. Chagua fonti isiyo na vikia, yenye unene wa kati au zaidi kidogo. Noto Sans na Open Sans zinafaa. Fonti nyembamba hupendeza kwenye skrini ya mhariri lakini kwenye simu mistari yake hukatika. Jina liwe kubwa kuliko cheo, na cheo kisipungue pikseli 34 hivi. Usiandike kila kitu kwa herufi kubwa: vyeo vyetu ni virefu, na «Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi» kwa herufi kubwa hutanuka kupita utepe, na pia hupoteza vichwa na mikia ya herufi ambavyo humsaidia msomaji kulitambua neno mara moja. Kama ni lazima utumie mstari wa kuzungushia herufi, uuweke nje ya herufi, kwani mstari unaokaa katikati ya ukingo huila herufi kwa ndani na kuziba matundu ya «a» na «e».

Rangi nayo ina mtego wake. Wateja wengi hutaka jina liwe na rangi za sherehe, kwa mfano nyekundu juu ya kijani. Kwenye skrini yako rangi hizo zinaonekana kutofautiana sana, lakini nyekundu kamili juu ya kijani cha #008000 ina uwiano wa takriban 1.3. Zaidi ya hayo, video za kawaida huhifadhiwa kwa mfumo wa 4:2:0, ambao huweka mwangaza wa kila pikseli lakini rangi huiweka mara moja tu kwa kila kundi la pikseli nne, hivyo kingo zinazotenganishwa na rangi peke yake huchuruzika. Ondoa rangi zote kwenye fremu: jina likitoweka, lilikuwa limeshikiliwa na rangi tu. Rangi ya sherehe naiweka kwenye kipande chembamba pembeni mwa utepe, na jina naliacha jeupe.

Kuhusu mwendo, msimamo wangu ni kwamba utepe ndio unaopaswa kutembea, nazo herufi zitulie mapema iwezekanavyo. Ukilisogeza jina pikseli 600 kwa fremu 10, kila fremu linaruka pikseli 60, na kwa fremu 25 kwa sekunde jicho linaona picha mbilimbili badala ya mwendo laini. Mimi hufungua utepe kwa fremu 8 hadi 10, kisha jina linajitokeza polepole huku likisogea pikseli 30 au 40 tu na kupunguza kasi kabla ya kusimama. Kama kamera inazunguka kuelekea kulia, picha yote inatiririka kwenda kushoto, na jina linaloingia kwa mwelekeo huohuo humezwa na mtiririko. Hapo afadhali lijitokeze mahali lilipo bila kusogea kabisa.

Kichwa cha habari kinachoruka herufi moja moja kinashindwa kwa sababu msomaji hasomi herufi moja moja. Analitambua neno zima, na neno halipo mpaka herufi ya mwisho imefika. Kama mwendo unachukua sekunde 2 na kichwa kinaondoka baada ya sekunde 3, amebakiwa na sekunde 1 ya kusoma. Leta neno zima, au kifungu kizima, kwa pamoja, na muda wa kusoma uanze kuhesabiwa pale neno la mwisho linaposimama. Kipimo ninachokitumia ni kusoma maandishi yote kwa sauti, bila haraka, mara mbili. Kwa kichwa kinachojaza skrini juu ya ngoma au umati, utepe haupendezi. Hapo naipunguzia picha nzima mwangaza na kuitia ukungu kidogo kwa muda ambao kichwa kipo, kisha naurudisha uwazi wake taratibu kinapoondoka. Kama klipu ina sehemu tulivu, kwa mfano ukuta au anga, kichwa nakiweka hapo na kuepuka haya yote.

Mambo mawili ya mwisho ya kukagua. Usiache jina lipite juu ya mkato wa klipu, kwa sababu picha mpya inaweza kuwa na mwangaza tofauti kabisa, na mtazamaji atalihusisha jina na mtu asiye mwenyewe. Kisha toa video, jitumie kwa njia ileile ambayo mteja ataitumia kuisambaza, na uitazame kwenye simu ndogo yenye mwangaza wa wastani. Kama itakatwa kuwa ya wima kwa ajili ya mitandao ya simu, utepe uupandishe juu zaidi kuliko zile pikseli 54, kwa kuwa programu hizo huweka maelezo na vitufe vyake palepale chini ulipoweka jina.