Ukipewa kazi ya kumtambulisha mwanafunzi mbele ya wafadhili

Katika hafla nyingi za kuwashukuru wafadhili, mtu anayepewa kazi ya kumtambulisha mnufaika huambiwa asubuhi ya siku ile ile. Anafungua faili la maombi ya ufadhili, anaokota mistari mitatu, anapanda jukwaani. Tatizo linaanzia hapo, kwa sababu faili hilo liliandikwa ili kuthibitisha uhitaji. Ndani yake kuna nani alifariki, mama anauza nini, nyumba imeezekwa kwa nini. Mambo hayo yaliisaidia kamati kuamua. Ukiyasoma jukwaani, mwanafunzi anasimama mbele ya watu wazima mia moja akiwa amevuliwa nguo, halafu unamkabidhi kipaza sauti na kumtaka aongee kuhusu ndoto zake.

Kwa hiyo faili liache ofisini. Mtafute mwanafunzi mwenyewe wiki moja kabla, ukae naye nusu saa, hata kwa simu kama yuko chuoni. Usimuulize "malengo yako ni nini?" Swali hilo limeshamzoesha jibu moja: "Nataka kuisaidia jamii yangu." Si kwamba anadanganya, ila jibu hilo halina kitu cha kushika. Muulize ni tatizo gani hasa analotaka kulishughulikia, kwa nini halijatatuliwa mpaka leo, na yeye amekwishagusa nini kuhusu tatizo hilo, hata kama ni kazi ndogo ya darasani. Akianza kukusahihisha, ujue umefika. Mwisho muulize: "Siku hiyo ungependa nisiseme nini?" Andika jibu lake kama alivyolisema, na usimwombe sababu.

Chukua mfano wa binti aliye mwaka wa pili Chuo cha Maji, Ubungo, anayesoma uhandisi wa rasilimali za maji na umwagiliaji. Kwao ni Arumeru. Utambulisho unaotoka kwenye faili huwa hivi:

"Waheshimiwa wafadhili wetu, huyu mnayemwona hapa ametoka katika mazingira magumu sana. Alifiwa na baba yake akiwa darasa la nne, mama yake ni muuza mboga, na bila moyo wenu wa huruma leo hii asingekuwa hapa. Ndoto yake ni kuwa mhandisi. Tumpigie makofi!"

Lengo lake limepewa sentensi moja, tena ya mwisho, na ni sentensi inayoweza kumfaa kila aliye darasani kwake. Lakini mtu aliyekaa naye nusu saa angekuta jambo zito zaidi. Sehemu za Arumeru, kama ilivyo kwingineko Arusha, Kilimanjaro na Manyara, maji ya ardhini yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi sana kwa miaka mingi, meno ya watoto yanaota madoa ya kahawia, na mifupa nayo inaweza kuathirika. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi ya kuchuja madini hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo unafanya kazi, ila baada ya muda unashiba na hauwezi tena kunasa floraidi, na mwenye nyumba hana dalili ya kumwonyesha, kwa kuwa floraidi haina rangi wala ladha. Anaendelea kuchota kwenye chujio akiamini yuko salama. Binti huyu anataka kutafuta njia rahisi ya kuijua siku mkaa unapochoka. Hilo ndilo lengo, na hilo ndilo la kutanguliza:

"Kuna vijiji chini ya Mlima Meru ambako maji ya kisima ni meupe, hayana harufu, na bado yanawaharibia watoto meno. Zipo familia zinazoyachuja kwa mkaa wa mifupa, lakini si rahisi kuijua siku mkaa unapoacha kufanya kazi. Mwanafunzi atakayezungumza nasi sasa anataka tuijue siku hiyo. Yuko mwaka wa pili wa uhandisi wa rasilimali za maji na umwagiliaji, Chuo cha Maji, na likizo iliyopita alichukua sampuli za visima sita vya kijijini kwao. Ufadhili huu unamlipia ada na gharama za mafunzo kwa vitendo. Anaitwa…" na hapo unataja majina yake mawili, unageuka kumtazama, unanyamaza.

Ukisoma bila haraka, maneno hayo hayafiki dakika moja na nusu, na hupaswi kuzidi hapo. Angalia mpangilio wake. Tatizo limetangulia, likafuata analotaka kulifanya, kisha alichokwisha kukifanya, ndipo ufadhili, na jina likaja mwisho kabisa. Jina likiwa mwisho, makofi yanampokea yeye akiwa anatembea kwenda kwenye kipaza sauti. Ukilitaja mwanzoni, watu wanapiga makofi, yeye anasimama, halafu anabaki amesimama huku wewe unaendelea kusoma, hajui mikono aiweke wapi.

Angalia pia utambulisho umeishia wapi. Hukueleza njia yenyewe ya kutambua mkaa uliochoka. Hiyo ni hotuba yake. Mtambulishaji anayefurahia habari aliyoisikia huwa anaimaliza yote, na mwanafunzi akifika mbele anakuta karatasi yake imeshasomwa. Kanuni ya kutumia ni hii: wewe fungua swali, jibu mwachie mwenyewe. Siku ya kukutana naye muulize sentensi yake ya kwanza itakuwa ipi, uhakikishe ya kwako ya mwisho haifanani nayo.

Sentensi ya ufadhili iwe fupi na ya kweli. Taja kinacholipwa: ada, bweni, mafunzo kwa vitendo, chochote kilichomo kwenye barua ya ufadhili. "Wamembadilishia maisha" haimwambii mfadhili fedha yake imekwenda wapi, na inamfuta mama aliyeuza mboga na mwalimu aliyemsukuma asome hesabu. Kama Bodi ya Mikopo nayo inalipa sehemu, usiseme ufadhili unalipa kila kitu, kwa sababu ukumbini hakosi mtu anayejua. Wala usimwahidi mfadhili matokeo. "Mwaka 2030 atarudi kuwajengea mradi" ni deni unalomwandikia mtu ambaye hakulikopa.

Kuna wasiwasi wa haki hapa, hasa kwa wanaotafuta fedha: je, wafadhili hawatahisi wamesahauliwa? Wana haki ya kushukuriwa, na washukuriwe vizuri, kwa majina, katika kipengele chao kwenye ratiba. Kinachoharibu ni kuchanganya mambo mawili. Mgeni rasmi na viongozi watambuliwe mara moja mwanzoni mwa hafla. Ukifika zamu yako, "itifaki imezingatiwa" inatosha, maana ukianza tena na mheshimiwa huyu na mheshimiwa yule, dakika zako zote zimekwisha kabla hujamfikia mwanafunzi. Kama mfadhili mmoja ni mkubwa kuliko wengine na ofisi inasisitiza atajwe, mtaje kwenye sentensi ya ufadhili, si kwenye ya kwanza.

Si kila mwanafunzi ana lengo lililokomaa kama la huyu. Wa kidato cha tano anaweza kuwa hajui kabisa, au mwaka jana alitaka udaktari na sasa anataka takwimu. Usimtungie lengo. Sema anachokichunguza kwa sasa: "Anasoma fizikia, kemia na baiolojia, na kinachomshughulisha ni kwa nini dawa moja inamfaa mtu huyu na haimfai yule." Hiyo inatosha, na mwakani akibadili mawazo hakuna atakayemuuliza kilichotokea. Usilipinde lengo lake lifanane na biashara ya mfadhili pia. Benki ikifadhili mwanafunzi wa kilimo, mwache awe mwanafunzi wa kilimo.

Ukimaliza kuandika, msomee kwa sauti, usimtumie maandishi peke yake. Vijana wengi wakitumiwa ujumbe na mtu wa ofisini hujibu "sawa, asante" hata pale wanapoumia. Ukimsomea utasikia anaponyamaza. Mwambie wazi kwamba sentensi yoyote anaweza kuifuta na ufadhili wake hautaguswa. Hofu hiyo ipo hata kama haijasemwa. Ridhaa ya kutambulishwa ukumbini itenganishwe na ridhaa ya picha, na ya picha itenganishwe na ya video itakayowekwa mtandaoni. Mtu anaweza kukubali ya kwanza akakataa zilizobaki. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ahusishwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya na za watoto zinahesabiwa kuwa nyeti, kwa hiyo habari za ugonjwa wa nyumbani hazina nafasi jukwaani hata kama zimo kwenye faili.

Siku yenyewe, kazi ya kwanza ni matamshi. Jina lake, la kijiji chake, la kozi yake: mwombe ayatamke, uyarudie mbele yake mpaka akubali. Kisha zungumza na mshereheshaji. Mpe karatasi yenye sentensi moja tu ya kukukaribisha wewe, na umwombe asiongeze chochote mwanafunzi akishamaliza. Washereheshaji wazoefu wa harusi hushindwa kujizuia. Ukimya ukipita kidogo wanaujaza kwa "huyu binti amenitoa machozi jamani", na hotuba ya floraidi inageuka tena kuwa ya huruma. Mwanafunzi akae safu ya mbele upande wa jukwaa, asitokee nyuma ya ukumbi. Kipaza sauti kikiwa cha mkononi, kiwashe wewe ndipo umpe.

Baada ya hotuba usiende kukaa mbali, kwa sababu maswali yatakuja. Mengi huwa mazuri, lakini karibu kila hafla ina mtu mmoja mwenye nia njema anayeuliza, "Na baba yuko wapi?" Asimame mtu haraka, na mtu huyo ni wewe: "Asante mzee. Leo tumemwomba atueleze kazi yake ya maji. Ninaomba tumuulize kuhusu visima vile sita." Sema kwa adabu, bila kumkaripia mtu, na umrudishie mwanafunzi kipaza sauti mara moja. Kubalianeni mapema ishara ya kukuita, kwa mfano akigusa karatasi yake mara mbili, ili asilazimike kukataa swali la mkubwa hadharani.

Halafu yanabaki maelezo ya chini ya picha, ambayo kwa kawaida huandikwa na mtu mwingine kabisa, usiku, akiwa na faili lile lile la maombi mbele yake. Mtumie mapema sentensi mbili zilizokubaliwa na mwanafunzi, ya tatizo na ya analotaka kulifanya, na umwambie atumie hizo hizo.